Magadi Kidogo Tu

Ukitaka kumjua mtu asiyewahi kupika juu ukingoni mwa kreta, mwambie maharage yako hayaivi. Atakwambia uongeze kuni. Nimeambiwa hivyo na nyapara, na padri aliyepita siku moja na gari bovu, na mama mkwe wangu pia, ambaye namheshimu kuliko hao wote. Mimi niliyepika kule mpaka nywele zikanuka moshi siku ya Jumapili nakwambia hivi: kuni si kitu. Unaweza kuchoma msitu wote wa Ngorongoro, askari wa hifadhi wakubebe na pingu, na maharage bado yatagonga meno.

Nilikuwa mpishi wa kambi ya watengeneza barabara. Mume wangu Martini alipofariki, kazi ile ndiyo iliyonishika. Nilikuwa na chumba changu cha mabati, kitanda changu, na mlango niliofunga mwenyewe kwa ndani. Kule chini Mbulumbulu, nyumbani kwa mume wangu, shemeji yangu Piusi alikuwa ameshaanza kulima shamba la marehemu bila kuniuliza, akisema ananitunzia. Kwa hiyo jiko lile likifungwa nilikuwa narudi kuwa mtu wa kukaa pembeni kwenye boma la Piusi, nikingoja kuambiwa nile lini. Nililijua hilo kila nilipowasha moto asubuhi.

Kilichoniokoa ni presha kuka. Iliachwa na fundi mmoja Mholanzi aliyemaliza mkataba, sufuria kubwa nene ya alumini, mfuniko wake unajifunga kwa kuzungushwa na una mpira pembeni. Juu ya mfuniko kuna kitundu, na kitundu hicho kinavishwa chuma kidogo kizito tulichokiita kofia. Kando yake kuna kizibo laini cha usalama.

Yule Mholanzi alinieleza kwa Kiswahili chake cha kuvunjika, lakini alieleza vizuri. Maji yakishachemka, alisema, yamefika mwisho wa joto lake. Ukiongeza moto yanaruka zaidi na kukauka upesi, ila hayawi ya moto zaidi, kwa sababu ule moto wote unaishia kugeuza maji kuwa mvuke. Na mwisho wenyewe unategemea hewa inayoyakandamiza kwa juu. Huku mlimani hewa ni nyepesi, haikandamizi sana, basi maji yanachemka mapema, hata hayajapata moto kama ya Karatu, na ya Karatu hayafikii ya Tanga. Presha kuka inaufungia mvuke ndani. Mvuke unajazana, unayakandamiza maji yasichemke mapema, yanaendelea kupanda joto mpaka yanapita hata yale ya pwani. Mvuke ukizidi unainua kile kichuma na kutoka kidogo kidogo. Ndiyo maana kofia inacheza na kulia tss, tss. Ikilia hivyo, makande yaliyokuwa yakinikalisha kutwa nzima yanalainika kabla sijamaliza kufua.

Tangu hapo wanaume wa kambi waliacha kunitania. Zamani walikuwa wakiniuliza kama ile kokoto imebaki barabarani au nimeipika.

Siku yenyewe ilikuja mwaka wa pili tangu mpaka wa Kenya ufungwe. Maduka ya Arusha yalikuwa na rafu tu na mwenye duka. Unga wetu ulikuwa umekwisha, kuni zililetwa kwa lori kwa sababu kukata mti kule ni kesi, na mkubwa mmoja wa barabara kutoka Arusha, Bwana Patrisi, alikuwa anakuja kuamua kama jiko letu libaki au lifungwe. Nyapara wetu Clemensi aliniambia wazi.

"Mama Hyasinta, akila hapa saa saba akashiba na wanaume wakarudi kazini, jiko limebaki. Asipokula, mimi sina la kusema."

"Atakula mpaka afungue mkanda," nikamjibu. Nilikuwa na presha kuka, niogope nini?

Wiki hiyo mama mkwe wangu, Leonida, alikuwa amekuja kunitembelea. Alipanda lori la viazi kutoka Mbulumbulu, mzee kama yule, kwa sababu alisikia napungua mwili. Huyu mama alinipenda. Baada ya msiba, wakati watu wengine walikuwa wakinitazama kama mzigo, yeye alilala na mimi kitanda kimoja hadi nilipoacha kulia usiku. Alikuja na mahindi yaliyokobolewa, maharage mekundu ya shamba lake, na kitambaa kilichofungwa fundo. Sikuuliza fundo lina nini.

Presha kuka hakuipenda. Chungu gani hicho, alisema, ambacho mpishi hakorogi wala haonji? Kwao mwanamke asiyeonja chungu anawadharau walaji.

Asubuhi ile nilitia mahindi na maharage yaliyolala majini, nikatia maji nusu ya sufuria, sikuzidisha. Nikatoka nje kukata kabichi. Niliporudi mama alikuwa ameketi kwenye kigoda, anatabasamu. Nikafunga mfuniko, nikasubiri mvuke utoke vizuri, nikaweka kofia. Ikaanza kulia. Nikaenda kuchota maji ya kunawa wageni.

Nikiwa kwenye pipa nilisikia kofia imenyamaza. Moto ulikuwa mkali vile vile, naona moshi, na kofia haisemi kitu. Niliacha ndoo nikakimbia, nikipiga kelele, "Mama, toka! Toka hapo!"

Alitoka, ashukuriwe Mungu. Alikuwa amefika mlangoni pale kizibo cha usalama kiliporuka. Mlio ulikuwa kama wa tairi la lori. Mvuke ukapiga mabati, na povu la kijani lenye maharage likamwagika toka juu mpaka ukutani, likazima nusu ya moto. Mama alishika kifua, akaniangalia kama mtoto aliyevunja sahani.

Povu lile nililijua kabla sijaligusa. Lilikuwa linateleza kama sabuni, na ndani sufuria ilikuwa imekuwa nyeusi. Kitambaa kilikuwa juu ya meza, fundo limefunguliwa, hakuna kilichobaki. Magadi. Kwetu maharage magumu hutiwa magadi, kila mama anajua, na kwenye chungu cha wazi ni kitu kizuri. Kwenye presha kuka yanapandisha povu, povu linabeba maganda ya maharage, maganda yanaziba kitundu chini ya kofia, na mvuke unakosa pa kutokea. Kizibo kilifanya kazi yake. Kisingeruka kile, ingepasuka sufuria nzima.

"Imekuwaje, mwanangu?" aliniuliza. "Chombo chenyewe kibovu?"

Ningemwambia nini? Alikuwa bado ameshika kifua. Nilimpa maji.

"Kibovu, Mama," nikasema. "Kilikuwa cha zamani."

Moloimet, kijana wa Soitsambu aliyekuwa kibarua wetu, alikuja mbio kwa ule mlio. Aliokota kile kizibo nje; kilikuwa kimechanika vipande viwili. Akachonga kijiti haraka haraka kwa sime.

"Tuzibe na hiki, yeyo," akasema, akiniita mama kwa Kimasai. "Kinaingia."

"Kinaingia, na safari nyingine mvuke ukikosa njia utatuua sote. Kile kizibo kiliwekwa ili kitangulie kutoka."

"Basi tununue kingine."

"Wapi, Moloimet? Nairobi?"

Akakitupa kile kijiti motoni. Bila kizibo mvuke unatoka wote, na mvuke ukitoka hakuna kinachoyakandamiza maji. Chombo changu kilikuwa kimekuwa sufuria tu, tena nzito. Niliokoa makande yaliyobaki, nikaongeza ya akiba, nikayapeleka kwenye sufuria ya kawaida, nikawasha upya. Yakachemka upesi sana, yanaruka kwa furaha, na mimi nikiyatazama nilitamani kuyatukana. Clemensi alichungulia akasema yanachemka vizuri, niongeze kuni. Nikaongeza. Mama naye akaongeza. Moloimet akaleta mzigo uliokuwa wa kesho. Maji yalikauka, nikajaza, yakachemka tena kwa joto lile lile. Nilibonyeza harage kwa kidole mara ngapi sijui, na kila mara kiini kilikuwa pale pale, kigumu. Hakuna alichokosea mtu yeyote pale jikoni saa hiyo, na hakuna ambacho tungeweza kufanya. Nilikaa chini nikalia, moshi ukanipa kisingizio.

Bwana Patrisi alifika kwa wakati, ndiyo bahati yangu. Alikuwa mtu mpole, mwenye miwani, na hilo lilinitia tumaini. Alitafuna kijiko cha kwanza muda mrefu. Wanaume walikula kabichi na mchuzi, wakasukuma yaliyobaki pembeni ya sahani. Hakuna aliyenitania, na hapo ndipo nilipojua hali ni mbaya.

"Mama," Bwana Patrisi akasema, "haya yamepikwa tangu saa ngapi?"

Basi nikamweleza. Nilijua nikisema vizuri ataelewa. Nilimweleza hewa nyepesi ya mlimani, maji yanayochemka kabla ya kupata moto, kofia, mvuke, kizibo. Magadi sikuyataja, mama alikuwa amesimama nyuma yangu. Nikamwambia nikipata kizibo tu, kizibo kidogo kama kidole gumba, atakula makande laini kuliko ya mama yake.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Akavua miwani.

"Umenifundisha kitu leo," akasema. "Nilidhani tatizo ni mpishi. Kumbe ni mahali. Hapa juu chakula hakiwezi kuiva bila chombo, na chombo hakipatikani, na kuni zenyewe tunazipandisha kwa lori. Clemensi, chakula kipikwe Karatu, kije na gari la asubuhi. Huyu mama asilaumiwe."

Clemensi akaitikia. Mimi nilianza kukusanya sahani. Ningesema nini? Kwamba nilichomwambia si kweli? Kilikuwa kweli chote. Karatu walikuwa na mpishi wao tayari.

Tulishuka na mama kwa lori la kokoto, kitanda changu kikiwa juu. Presha kuka niliiacha kwenye karakana, wakaifanya ya kuwekea misumari.

Mbulumbulu nilipewa chumba nyuma ya ghala la Piusi, mlango wake unafungwa kwa nje. Jumapili ya kwanza mama alipika makande mwenyewe, katika chungu cha wazi, akikoroga na kuonja. Hata mchana haukuwa umefika vizuri akaniletea bakuli. Yalikuwa laini, yanavunjika kwa ulimi. Akakaa karibu yangu, akanitazama nikila, machozi yakamlenga.

"Tazama yalivyoiva," alisema. "Siku ile kwako nilitia magadi kidogo tu, fundo moja, nikaona haya kukuambia. Najilaumu, mwanangu. Ningetia mengi, usingefukuzwa."

Nilimeza. Nikamshika mkono, mkono ule ule ulionishika usiku wa msiba.

"Ndiyo, Mama," nikasema. "Yalikuwa kidogo."