Ruhusa ya Kwenda Tulia

Sauti ya Roselyne watu wengi waliijua. Uso wake haukujulikana hata na mwanamke aliyemuuzia maziwa. Siku moja pale mjini Salama alisimama mbele ya kibanda, kopo mkononi, mwenye maziwa akimlalamikia mteja mwingine.

"Yule msichana wa matangazo ya vifo redioni leo amesoma mbio mbio kama anafukuzwa. Hata sijasikia mazishi ni lini."

Roselyne alitaka kusema, mama, ni mimi, mazishi ni Ijumaa. Badala yake alichukua maziwa yake akarudi chumbani, chumba cha mwisho kwenye ploti ya vyumba vya kupanga, kile ambacho ukuta wake ulitikisika kila lori lilipofunga breki kuteremka kuelekea Mombasa. Akachemsha maziwa, akayanywa akiwa ameketi kitandani, kwa maana kiti hakikuwepo.

Redio yenyewe ilikuwa ghorofani, juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Chumba cha kurekodia kilizibwa sauti kwa trei za mayai zilizobandikwa ukutani, nyingine zikiwa na manyoya ya kuku bado. Roselyne alifika pale mara ya kwanza na barua ya chuo, kwa atachimenti, mafunzo ya kazini ya miezi mitatu. Wakati huo alifundishwa kweli. Ben, fundi wa mitambo, alimwonyesha jinsi ya kusogea mbali na maiki akitamka herufi za kupuliza, na mwalimu wa chuo alikuja kumkagua.

Miezi mitatu ilipoisha, meneja, Bwana Mulinge, alimwita ofisini.

"Wewe sasa ni mtoto wa nyumba hii," akamwambia. "Bajeti haijakaa sawa. Baki, jitolee. Nafasi ikitokea, wewe ni wa kwanza. Nauli na chakula cha mchana hutakosa."

Alibaki. Sasa ulikuwa mwaka wa pili. Hakuna aliyemfundisha kitu tena. Yeye ndiye aliyewafundisha wanaokuja. Jina lake lilibandikwa mlangoni kwenye ratiba ya zamu, alfajiri yote ilikuwa yake, na akichelewa, nauli ilipunguzwa. Ben, ambaye alikuwa ameandikwa kazi, alimtania kila mara: "Rose, siku utakayoondoka hii redio itakuwa bubu. Lakini usijali, tutakununulia soda."

Aliyemfanya akaze moyo alikuwa mama yake kule kwao Tulia. Masafa ya redio ile yalivuka mto Athi kwa shida, kwa hiyo mama aliweka redio yake dirishani, waya wa antena ameufunga kwenye nondo, na akawaambia wateja wake wa nyanya sokoni: "Mwanangu ameandikwa redioni." Roselyne hakuwahi kumsahihisha.

Halafu mama akapigwa na kiharusi. Alilazwa Kitui, akarudishwa nyumbani mkono wa kulia umekufa na ulimi haugeuki. Jirani, Mama Mwau, ndiye aliyepiga simu.

"Anakula kidogo. Lakini kuongea, hapana. Asubuhi anapiga meza kwa ule mkono mzima mpaka nimwashie redio. Njoo, mwanangu, hata kama ni siku chache."

Roselyne alipanda ofisini kuomba ruhusa. Mulinge hakuinua macho kwenye simu yake.

"Nani atasoma matangazo?"

"Ben anaweza, bosi. Au Shiko, yule wa atachimenti. Nimeshamfundisha."

"Ben sauti yake ni ya kuuza ng'ombe. Ngoja mwezi uishe."

Jioni alimwandikia ujumbe, akimbembeleza. Jibu lilikuja fupi: *Hakuna ruhusa. Ukienda usirudi.*

Alisoma matangazo siku iliyofuata, ya marehemu wa watu wengine, sauti ikiwa imenyooka kama kawaida. Alipofunga maiki akabaki kitini, uso umeelekea zile trei za mayai. Kisha akashuka ngazi, akafunga mfuko wake mdogo, akaenda Tulia.

Alikaa na mama Jumamosi na Jumapili, na Jumatatu pia. Jumatatu hiyo, alfajiri, alikuwa amemkalisha mama akimlisha uji kwa kijiko. Mama akaanza kupiga meza. Roselyne akawasha redio. Sauti ya Shiko ikatoka, Kikamba chake kinajikwaa, maana kwao ni Murang'a, kwa Wakikuyu. Mama akakunja uso. Akaendelea kupiga meza, macho yamekazia dirisha, anamngoja binti yake.

"Mwaitu, niko hapa," Roselyne akasema. "Mama, ni mimi."

Mama alimtazama kwa upole, kama mtu anavyomtazama mgeni mwenye adabu, kisha akageukia redio tena.

Jumanne alirudi Salama. Mlinzi wa redio, mzee Kyule, alisimama kwenye ngazi akiikunja kofia yake.

"Binti yangu, nimeambiwa usipande. Usinichukie. Hata mimi nina watoto."

Kwenye ratiba ya mlangoni, jina la Shiko lilikuwa limeandikwa juu ya lake kwa kalamu nene. Ben alichungulia dirishani, akainua mkono nusu, akaushusha. Ile soda hakuna aliyeitaja.

Ni mama wa maziwa aliyemtuma kwenye ofisi ya leba, ya mambo ya kazi, kule mjini Wote, tena bila kujua anaongea na nani. Alimkuta analia karibu na kibanda, akasikia amefukuzwa kazi, akamwambia kuna watu wa serikali wa mambo hayo. Roselyne alienda, lakini si kushtaki. Alienda kuomba apatanishwe.

Afisa alikuwa mwanamke wa makamo, hijabu ya kijivu, jina lake Abshiro, mtu wa Garissa. Mezani alikuwa na chupa ya chai ya maziwa yenye iliki, akammiminia kikombe kabla ya kuuliza chochote.

"Madam, mimi sina kesi," Roselyne akaanza. "Nilikuwa najitolea tu. Nilikosea nikaenda nyumbani. Nataka mnisaidie kuomba msamaha nirudi."

"Ulikuwa unajitolea."

"Ndiyo."

"Ukichelewa ilikuwaje?"

"Wananikata."

"Wanakukata nini, kama mshahara hakuna?"

"Nauli."

"Na zamu, ulichagua mwenyewe?"

"Zinabandikwa mlangoni."

Abshiro akaweka kikombe chini. "Na hiyo siku ulienda kwa mama, ulifanya nini kwanza?"

"Niliomba ruhusa. Nikanyimwa." Akaonyesha ujumbe kwenye simu.

Afisa aliusoma, akairudisha simu polepole. "Dada, anayejitolea haombi ruhusa. Anaaga."

Roselyne akainua kikombe. Chai ilikuwa tamu mno, lakini aliimaliza.

Mulinge aliitwa, akaja wiki iliyofuata, shati limenyooshwa vizuri, akimwamkua Roselyne kwa furaha kana kwamba wamekutana arusini.

"Madam," akamwambia Abshiro, "wewe unatoka kule kaskazini, mila zetu huenda huzijui. Sisi Ukambani tuna mwethya. Watu wanasaidiana kazi bila kulipana. Huyu ni mtoto wetu, alikuwa kwenye mwethya."

"Kweli sijui," Abshiro akasema. Akamgeukia Roselyne. "Nielezee wewe. Mwethya ni nini?"

Roselyne aliangalia mikono yake. "Ni wakati wa kulima, au kuchimba mitaro ya kuzuia maji. Leo tunakuja wote shambani kwako, unatupikia. Kesho tunaenda kwa mwingine. Mpaka kila mtu afikiwe."

"Na kwako walikuja lini?"

Mulinge akacheka peke yake. "Aah, madam, hayo ni maneno. Mtu wa kujitolea hana kandarasi. Na hata hivyo sikumwonea. Nilimfukuza kwa sababu aliondoka bila ruhusa."

Abshiro hakuandika kitu.

"Ulimfukuza kutoka wapi, Bwana Mulinge?"

Mulinge akaanza kupekua simu yake.

Ndipo afisa akawaeleza, taratibu, wote wawili. Jina si hoja. Mtu akiitwa wa kujitolea na huku anapangiwa zamu, anakatwa, ananyimwa ruhusa, anafanya kazi ambayo redio haiwezi kufunguka bila hiyo, na anapewa kitu kidogo kila mwezi, korti inaweza kumwona mwajiriwa. Mkataba wa mdomo pia ni mkataba. Kazi ya miezi mitatu na zaidi ilitakiwa iandikwe, na kuandika ni jukumu la mwajiri. Asipoandika, yeye ndiye atakayeulizwa masharti yalikuwa yapi.

Kisha akamwambia Roselyne asitazamie mambo makubwa. "Ile miezi ya chuo ilikuwa ya kujifunza, hiyo usiidai. Iliyobaki, hakimu anaweza kukubali, anaweza kukataa. Mimi si korti. Mimi napatanisha. Mkishindwana, una miaka mitatu ya kupeleka kesi, usiiache ikapita."

Mulinge akavuta kiti karibu. Sauti yake ikawa ya baba.

"Rose, haya yote ya nini? Shiko ameshindwa, wasikilizaji wanapiga simu wanakuuliza. Rudi Jumatatu. Kiti chako kipo. Tuendelee kama familia, kama zamani."

Hilo ndilo alilokuwa amelijia. Aliona dirisha la Tulia, waya kwenye nondo, mkono mmoja unagonga meza. Akirudi Jumatatu, mama angemsikia. Uso ule ungelainika.

"Nitaandikwa?" akauliza.

"Kuandikwa kutakuja. Polepole."

"Na mama akizidiwa, nitaenda?"

"Tutaangalia. Utaomba ruhusa, kama kila mtu."

"Kama kila mtu aliyeandikwa," Roselyne akasema. Sauti yake ilitetemeka, kitu ambacho redioni hakikuwahi kumpata. "Basi niandike kwanza, bosi. Hapa hapa, mbele ya madam. Nitarudi Jumatatu."

Mulinge alisimama akanyoosha shati. "Nitaongea na wakili wangu," akasema, akatoka bila kuaga.

Abshiro aliandika kwamba hawakuelewana, akampa Roselyne nakala na akamweleza korti ya kwenda. Akamsindikiza hadi langoni. Pale wakasimama kidogo, wanawake wawili walio mbali na kwao.

"Mama yako anaitwa nani?" afisa akauliza.

"Ndinda."

"Nitamwombea."

Kesi ikafunguliwa. Ikapewa tarehe, tarehe ikasogezwa, ikapewa nyingine. Roselyne akachukua meza ya nyanya ya mama sokoni Tulia. Wateja walimsalimu kama binti ya Ndinda. Hakuna aliyemuuliza habari za redio, kwa kuwa waliona haya kwa niaba yake. Jioni alifunga mlango, akamgeuza mama ubavu, akamkanda ule mkono uliokufa kwa mafuta. Walikuwa wawili nyumbani, na maneno hayakuwepo.

Lakini alfajiri mama aliendelea kugonga meza.

Asubuhi moja Roselyne hakuwasha redio. Alifunika uji, akatoka nje, akazunguka nyumba hadi chini ya dirisha, akachuchumaa kwenye umande ambapo mama hangeweza kumwona. Kuku wakamkaribia wakidhani ana mahindi. Akakohoa kidogo, akajisogeza mbali kidogo na maiki isiyokuwepo, kama Ben alivyomfundisha.

"Wasikilizaji wetu, hamjambo popote mlipo," akasema kwa Kikamba. "Huyu ni Roselyne. Leo hakuna tangazo la kifo." Akafikiri. "Tulia kumenyesha kidogo. Nyanya zimeanza kushika rangi. Mama Mwau amepoteza mbuzi mweupe, atakayemwona amrudishe."

Ndani, kule kugonga kukakoma.

Alisikiliza. Kukatoka sauti ndogo kooni kwa mama, ile ya mtu anayekubali jambo. Roselyne aliegemeza kichwa ukutani. Magoti yalimuuma, na gauni lilikuwa limelowa. Akaendelea kutangaza mpaka jua likafika dirishani.