Slipi ya Tarehe Kumi na Tisa

Ujumbe wa mamlaka ya kodi ulimkuta Mama Vifungo katikati ya kukata suruali: awamu ya pili haijalipwa, na faini imeanza kuhesabiwa. Mkasi ukabaki hewani. Alikuwa amelipa mwenyewe, dirishani benki, tarehe kumi na tisa. Slipi yenye mhuri alikuwa nayo. Na bila cheti cha kutodaiwa kodi, zabuni ya kushona sare za hospitali ingempita; bahasha zilikuwa zinapokelewa mwisho Ijumaa, na leo ni Jumatano.

"Hizo pesa umezila, wifi," alitania dada wa mumewe, mtunza daftari la duka.

"Ningezila mimi, wewe ungekosa fungu lako? Vaa viatu twende."

Benki, msimamizi wa madirisha aliitafuta slipi kwa tarehe na namba yake, kisha akatoa nakala iliyobaki kwao.

"Pesa zilitoka hapa siku ileile kwenda mamlaka. Ila namba ya mlipakodi... Hii ni moja au saba?"

"Saba!"

"Mbona haina kofia?"

Wifi aliangua kicheko mpaka mlinzi akageuka. Mama Vifungo aliona aibu ikimpanda masikioni. Mwandiko ulikuwa wake.

"Si kosa lako peke yako," msimamizi alisema. "Siku hiyo mtandao wa kuhakiki namba ulikatika, karani wetu akaingiza kwa mkono bila kukuuliza. Ngoja niwaandikie barua."

Barua ikataja kiasi, tarehe, kumbukumbu ya muamala, namba iliyoingizwa na namba sahihi. Ikapigwa mhuri.

Kwenye ofisi ya kodi, afisa mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi aliingiza ile namba yenye moja. Hakuna mlipakodi mwenye namba hiyo. Akafungua akaunti ya malipo yasiyotambulika, akatafuta kwa kiasi na tarehe.

"Hizi hapa! Zimekaa tu, hazina mwenyewe."

"Mwenyewe ndiye mimi! Nihamishie."

"Taratibu, mama. Nalinganisha na taarifa ya benki, halafu mkuu wangu aidhinishe. Njoo kesho."

Usiku ule Mama Vifungo alishona kola mbili nje-ndani.

Alhamisi saa nane afisa aliwageuzia kioo cha kompyuta. Malipo yalikuwa kwenye akaunti yake, kwa tarehe kumi na tisa, si kwa tarehe ya leo.

"Na faini?" wifi aliuliza.

"Alilipa ndani ya muda. Faini imejifuta."

Cheti kilitoka kwenye mashine kikiwa bado cha moto. Mama Vifungo alikipepea, akambusu wifi yake shavuni mbele ya foleni nzima, na wote wawili wakatoka mbio kwenda hospitali, bahasha imebanwa kwapani, wakigombana njia nzima nani alipie chakula.