Posti ya Mfuta Machozi

Mteja wa kwanza kumwita mama yangu mwizi alikuwa amevaa gauni aliloshonewa na mama huyohuyo.

"Tulichanga ukiwa unakufa," alisema pale mlangoni, bila hata hodi. "Kumbe unakata vitambaa tu na sura yako ya shibe. Nirudishie kitenge changu, nitampelekea fundi mwingine."

Mama alimpa kitenge. Mguu ukasimama juu ya pedeli ya cherehani, haukanyagi wala hautoki. Baada yake walikuja wengine, na walioona aibu kuja walituma watoto. Rafu ya nguo za wateja ikawa tupu kama fizi za kibogoyo.

Chanzo kilikuwa picha. Mama alipofanyiwa upasuaji wa tumbo, alikuja wodini jamaa mmoja mwenye ukurasa wa kuombea wagonjwa msaada. Watu walimwita Mfuta Machozi. Alileta machungwa, akashika mkono wa mama aliyekuwa bado na usingizi wa dawa na mpira puani, akapiga picha. "Ya kumwombea dua tu, bwana mdogo," aliniambia. Mama alipona, tukalipa wenyewe, tukarudi nyumbani. Picha ikabaki kazini.

Nilikuwa nimeapa kumpasua. Nilijua pa kumkuta, na nilijua ngumi yangu inavyoangukia. Lakini ngumi ingemwonea huruma, uvimbe hupoa. Mimi nilitaka kitu kisichopoa. Na mimi natunga mashairi, hakuna aliyenifundisha, kwa hiyo nilikaa nikatunga. Kisha nikampelekea dada yangu.

Dada anafanya kazi redio. Ana kipindi cha kuchambua mambo yanayozunguka kwenye simu za watu, lipi kweli, lipi chumvi. Nilimkuta kwenye chumba chao kidogo chenye magodoro ukutani ya kuzuia mwangwi, anakula mihogo juu ya meza ya mitambo, jambo alilokatazwa.

"Kwanza tusome ya kwake," alisema. Akaifungua posti. Hivi ndivyo ilivyoandikwa chini ya uso wa mama yetu:

*Mama huyu ana saa chache tu. Pesa isipofika leo jioni, mashine inazimwa! Wengi wameiona posti hii wakapita kama hawajaona. Na wewe utapita? Siku mama yako akilala hapa, utakumbuka. Majirani zake wote wameshatoa, umebaki wewe.*

"Mshenzi," nikasema.

"Tusi halichambui kitu. Niambie, hapa anakufanya nini?" Akagusa mstari wa kwanza.

"Ananikimbiza."

"Haraka. Anataka utume kabla hujafikiri. Na hapa?"

"Ananibebesha kifo cha mtu nisiyemjua. Nikipita, mimi ndiye muuaji."

"Lawama. Halafu anamwingiza mama yako mwenyewe, ili uogope. Halafu majirani, ili uone aibu kubaki peke yako." Akacheka kwa pua. "Tena soma vizuri, kaka. Wengi wamepita, na wote wametoa. Katika posti moja!"

Sikuwa nimeliona hilo. Nilikuwa nimeisoma mara nyingi, lakini kila mara kwa hasira, na hasira haisomi mistari miwili kwa pamoja.

"Basi ni uongo, kwa sababu ya haraka hiyo," nikasema.

"Taratibu. Haraka peke yake si uongo. Mama alipohitaji damu, si niliandika mimi, tena nikasema leoleo? Lakini niliandika wodi, kundi la damu, na namba ya mapokezi ili mtu apige aulize. Mwenye shida ya kweli naye hulia, naye huharakisha. Lakini huonyesha pa kuuliza. Huyu hajataja hospitali, hajataja ugonjwa, na namba ya kupokea pesa ni yake. Na angalia tarehe."

Akateremka chini ya ukurasa. Posti ileile ilikuwa imewekwa tena na tena, wiki kwa wiki, neno kwa neno. Kila mara ni leo jioni. Kila mara mashine inazimwa. Mama yangu alikuwa ameuawa kila wiki huku akipinda pindo za suruali za watu.

"Haya, lete shairi lako."

Nikasoma kwa sauti, kifua mbele:

*Amkeni, amekula, mwizi yupo mlangoni,*
*Asiyetuma mahala, na yeye yumo kundini,*
*Leo jua likilala, itafutwa, itumeni!*

Dada alifuta mikono. "Vina vizuri. Nani amekuambia posti yako itafutwa leo?"

"Hakuna."

"Haraka. Na jirani asiyesambaza, amekuwa mwizi lini?"

Nikausoma tena ule mstari.

"Lawama. Kaka yangu, umetunga posti ya Mfuta Machozi, yenye mizani tu."

Hakuna aliyewahi kunitukana vile, na nimetukanwa na watu wanaojua kutukana. Nilichana karatasi palepale. Sikuacha kumtaka adui yangu, nilibadilisha kisu.

Nyumbani nilimwomba mama ruhusa ya kumpiga picha. "Safari hii unaniuliza," alisema, akaenda kuvaa gauni lake la harusi za watu. Akakaa mbele ya cherehani, macho kwenye kamera.

Nikaziweka posti za yule bwana pamoja, kila moja na tarehe yake. Penye haraka nikapaka rangi nyekundu, penye lawama njano. Juu nikaweka picha mpya ya mama. Chini nikaandika: *Huyu ni mama yangu, yuko dukani kwake, njoo umwone. Hakupewa chochote na mwenye posti hizi. Maneno mekundu yanakukimbiza, ya njano yanakusuta. Kabla ya kutoa kwa yeyote, uliza: hospitali gani? Nani athibitishe? Pesa inaingia kwa nani? Kwa nini leo?* Basi. Hakuna tusi. Sikumwomba mtu asambaze.

Ilisambaa kama moto wa makuti. Chini ya kila posti yake watu wakaanza kuandika swali moja tu: *Kwa nini leo?* Akifuta, wanaandika tena. Nilikuwa nasoma huku nakunywa chai, na chai haijawahi kuwa tamu vile.

Mfuta Machozi alikuja mwenyewe, kofia imeshushwa hadi nyusi. Mama alikuwa anachora kitambaa kwa chaki. Wateja wawili waliorudi walikuwa kwenye benchi, na mwenye kitenge alikuwa mmoja wao.

"Bwana mdogo, nakuomba uiondoe leo. Leo hii! Kesho nitakuwa nimekwisha."

Mama hakuinua kichwa. Alivuta mstari wa chaki kwenye kitambaa. "Haraka," alisema.

"Mama, wanangu wanazomewa shuleni. Utalala vipi ukijua watoto wasio na kosa wanalia kwa sababu yako?"

Mstari wa pili. "Lawama."

Benchi likaangua kicheko. Yule bwana akanigeukia mimi. "Wenzako wote wamenisamehe, umebaki wewe tu!"

"Hiyo hata mimi naijua," akasema mwenye kitenge.

Nikampa kiti. Nikamwambia tutasikiliza akitwambia, mbele ya kamera, kwa jina lake, alichokusanya kwa uso huu, kiko wapi, na atakirudishaje kwa waliotoa. Aseme polepole, watu waelewe.

"Sasa hivi?" aliuliza, jasho likimtoka chini ya kofia.

Mama alijaribu kutunga uzi kwenye sindano, akaulamba ncha, akaulenga tena.

"Kaa tu, baba," alisema. "Sisi hatuna haraka."