Sumu Haipunguzwi

Nilimpokonya Boahen karatasi kabla hajaipeleka kwenye mashine ya kunakili.

"Mwalimu Boahen, sumu umeipeleka wapi?"

"Nimeitoa, dada. Si ulisema hii ni ya wanaosoma kwa shida?"

"Nilisema upunguze maneno, sikusema upunguze maana!"

Somo la darasa la nne lilikuwa jinsi ya kutengeneza gari, la muhogo uliokunwa na kukaangwa, si la magurudumu. Tuliliandika mara tatu: la wasomaji hodari, la wa kati, na la wanaojikongoja. Katika hili la mwisho, Boahen alibakiza hatua za kukuna, kukamua na kukaanga, akafuta sababu ya kukamua. Na swali la darasa zima lilikuwa hilohilo: kwa nini tunakamua! Mtoto uliyemnyima jibu atalitoa wapi, mfukoni?

Nikaandika upya: "Maji ya muhogo mchungu yana sumu. Tunayakamua. Sumu inatoka na maji." Picha ileile, na herufi kubwa kidogo ili ukurasa ujae kama wa wenzao. Watoto wetu wa Techiman wakiona karatasi yenye nafasi tupu, wanajua mara moja nani kapewa uji.

Nilikuwa na wasiwasi juu ya Nyarko, mmoja wa wale wanaojikongoja. Mwalimu mkuu, Madam Oforiwaa, alikuwa anakuja kusikiliza, na Nyarko akinyamaza kama kawaida yake, angerudishwa darasa la pili, akakae dawati moja na mdogo wake.

"Kwa nini tusikaange tu bila kukamua?" Madam aliuliza.

Serwaa, hodari wetu, akarukia: "Ili likauke haraka, Madam!"

Nyarko akanyoosha mkono. Nyarko! Nilitamani kupiga kigelegele.

"Si hivyo tu," alisema. "Kuna sumu." Akasoma sentensi zote tatu, kidole chini ya kila neno.

"Muongo! Kwangu haimo," Serwaa akabisha.

"Imo. Umeiruka. Lete."

Akaichukua karatasi ya Serwaa, ile yenye sentensi ndefu ndefu. Kidole kikatambaa mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu, kikasimama. Tulikuwa tumelibakiza neno lilelile katika karatasi zote tatu.

"Sumu," alisema. "Hii hapa." Kisha akaanza sentensi yenyewe, akikwama na kujikwamua: "Kwa kuwa mu-ho-go mchungu una sumu, maji yake hu-ka-mu-li-wa..."

Darasa lililipuka. Wengine walipiga meza, Serwaa akajifunika uso, na mimi nilikuwa nacheka machozi yakinitoka, sioni aibu kusema.

"Nani aliniambia mtoto huyu hasomi?" Madam aliuliza kwa ukali, wakati ni yeye aliyetuambia sisi. "Anabaki hapahapa. Vizuri sana, Nyarko. Kaa."

Nyarko hakuketi wala hakuinua macho.

"Subiri, Madam," alisema. "Sijamaliza."