Shahidi wa Mpangaji

Mwenyekiti wa mtaa alisema kila mmoja aje na mtu wake. Mzee Swalihu, mwenye nyumba, alikuja na mkewe, Bi Adija. Hilda, mpangaji wake, alikuja na bahasha.

Miaka miwili tangu kazi imhamishie Dodoma kutoka Njombe, na hakuwa na wa kumwambia, "Twende ukanisemee." Bahasha ilibeba mkataba wa pango na picha za ukuta wa chumbani: ukungu mweusi, lipu iliyovimba na kutoa chumvi nyeupe. Fundi alitaka laki sita. Akilipa yeye, kodi ijayo haipo, na chumba hana.

"Shikamoo, mwenyekiti."

"Marahaba. Soma."

Hilda akasoma kifungu cha saba: mpangaji atatunza na kupaka rangi ndani, mwenye nyumba atatengeneza msingi, kuta na paa.

"Hapo hapo!" Mzee Swalihu akadakia. "Ukungu uko ndani! Huyu binti anaanika nguo chumbani, madirisha hafungui, utadhani kaficha ng'ombe. Dodoma kavu hii, unyevu utoke wapi?"

Hilda akainama. Kweli hakuyafungua. Akiyafungua, vicheko vya majirani viliingia kama wageni wasiomjia yeye.

Mwenyekiti Yotham, mwashi mstaafu, aliwaongoza hadi kwenye nyumba. Akapapasa ukuta.

"Mvuke wa nguo hushika juu, pembeni mwa dari. Huko kukavu. Maji haya yamepanda toka chini, yakaishia kiunoni."

Nje, bustani ya maua ilikuwa imeegemea ukuta huo. Udongo ulikuwa umepita juu ya ile nailoni itandazwayo kwenye msingi kuzuia maji yasipande tofalini.

"Udongo huu uliletwa lini?"

"Aliukuta," alisema Mzee Swalihu. "Akaukubali, akatia saini."

"Binti, una shahidi?"

"Sina."

"Anaye." Bi Adija aliuchukua mkataba, akaweka kidole chini kabisa. "Siku ile hakuwa na mtu, nikamtilia saini mimi. Shahidi wa mpangaji, ona. Na udongo ulikuja na toroli baada ya Idi, huyu binti keshahamia."

"Adija! We mke wangu au wakili?"

"Nyumbani mkeo. Hapa, soma karatasi."

Mzee Swalihu alisoma, akakohoa, akaurudisha mkataba. Mwenyekiti akaandika, wote wakasaini: mwenye nyumba aondoe udongo, abandue lipu, apige mpya ukuta ukishakauka. Hilda apake rangi, na madirisha afungue.

"Ukuta utakaa wazi wiki kadhaa," mwenyekiti alisema. "Utalala kwa nani?"

"Nina watu," Hilda alijibu upesi.

Jioni alikokota godoro hadi sebuleni kwake, akalilaza kati ya meza na kiti chake kimoja. Kisha akafungua dirisha, kama alivyoagizwa. Nje Mzee Swalihu alikuwa akichota udongo kwa koleo, akinung'unika peke yake. Hilda akabaki amesimama pale, akimsikiliza.