Saa Iliyofungiwa Gizani

Dada mkubwa aliikunjua leso juu ya meza ya kazi kwa madaha, utadhani ana dhahabu. Ndani mlikuwa na saa ya marehemu baba yao. Haikuwa na mkwaruzo hata mmoja, na mishale yake imesimama.

"Nimeitunza," alisema. "Tangu baba aanze kuugua iko kwenye droo, isije ikaibiwa."

Mdogo wake, fundi wa saa, aliweka bisibisi chini. Damu ilimchemka. Saa hiyo alimnunulia baba yeye, na baba alipolala hoi aliwaambia shangazi zao, "Saa ya mwanangu fundi imeniangusha." Akafa na hilo moyoni.

"Na alipoiomba?"

"Nilimtolea, ikawa imekufa. Ningefanyaje?"

"Ungemwambia ilikuwa wapi! Dada, saa hii inakula mwanga. Unapenya kwenye uso wake, kisahani kilicho chini kinaugeuza umeme, betri inauweka. Uliifungia gizani miezi na miezi, ulitaka ile nini?"

"Labda ni mbovu kweli. Yule fundi wa sokoni alitaka kuiwekea betri mpya."

"Betri ya kawaida haichajiwi. Ingevuja, ikaiharibu mashine yote."

Aliichukua, akaiegemeza kwenye kikombe dirishani, uso wake ukiangalia jua, mbali na bati la dirisha, joto lisije likaiharibu. Betri ya namna hii ikikaa tupu muda mrefu, huweza kugoma kushika chaji kabisa. Ikigoma, maneno ya baba yatabaki yalivyo.

Fundi alirudia kazi zake, dada akisubiri. Mchana mshale wa sekunde ukastuka, ukaruka mbili, ukatulia, ukaruka mbili tena.

"Si unaona? Inarukaruka. Mbovu!"

"Ina njaa! Ikiruka mbili mbili inakwambia chaji imebaki kidogo. Ikisimama, imekwisha. Ngoja ishibe."

Alasiri mshale ulikuwa ukienda sekunde moja moja, bila kusita. Fundi alirekebisha majira, akakisukuma kifungo cha pembeni mahali pake, na machozi ya hasira yakamtoka.

"Kwa hiyo baba..." dada alianza.

"Kwa hiyo baba alikufa akinilaumu mimi kwa kosa lako."

Mikono ya dada, kwa mazoea tu, ilivuta leso na kuanza kuifunika saa. Fundi akampokonya.

"Lete mkono."

"Mimi? Si yako hii?"

"Utaivaa wewe. Shangazi wakikuuliza imefufukaje, utawaambia ilikuwa imefungiwa wapi, na nani aliifungia."

Alimfunga mkanda, akaukaza. Dada, kwa aibu, akashusha mkono wa blauzi mpaka saa ikapotea.

Fundi akaukunja mkono ule wa blauzi hadi kwenye kiwiko. "Iache ione mwanga," alisema.