Picha ya Kisogo

Mama Ghassan alikuwa ameshasimulia makosa mawili, na yote mawili yaliwachekesha wanawake, kama alivyokusudia.

La kwanza lilikuwa la wifi yake, aliyemweka mapokezi kwa kuona haya kumkatalia. Wifi akawa anawapanga ndugu zake mbele ya foleni, na wateja wa watu wanakaa mpaka kahawa inapoa. La pili lilikuwa la bibi harusi aliyeapa kwamba hina yake ni ya asili, kumbe ni ile ya pakiti iliyochanganywa na chumvi za madini. Mama Ghassan akampaka dawa ya kupaushia bila kujaribu. Nywele zikapata moto ndani ya foili, zikakatika, na bibi harusi akaingia ukumbini na wigi la shangazi yake.

"Kata kishungi kidogo nyuma ya sikio, kisha kijaribu kwanza," aliwaambia. "Mteja ataapa, na mama yake ataapa. Wewe kijaribu tu."

Waliandika wote. Walikuwa wanawake tisa wenye saluni changa, wamekaa katika ukumbi wa chama chao mjini Irbid, juu ya duka la vitamu vya kunafa, harufu ya samli ikiwapandia dirishani. Walimwita kwa sababu jina lake lilikuwa kubwa. Saluni tatu, mabibi harusi wa kila Alhamisi, na mdomo usiokosa neno. Alichoombwa kuzungumzia ni makosa yaliyokaribia kulifunga duka lake la kwanza.

Naye alijua vizuri kwamba wifi hakukaribia kulifunga, wala yule bibi harusi. Kilichokaribia kulifunga kilikuwa kitu kingine, na hicho alikuwa hajakisema kwa mtu kwa miaka yote hiyo. Alipanga kumaliza kahawa yake, apigiwe makofi, aende zake.

Lakini palikuwa na Rudayna. Huyu Rudayna alikuwa msichana mwepesi, kucha za rangi ya komamanga, kauli zake zinakimbizana.

"Shangazi, hayo ya zamani tumeyasikia, Mungu akuweke. Sasa tuambie jinsi ya kupata wateja wapya. Mimi siri yangu ni hii hapa." Akainua simu. "Tazameni! Nimemaliza kumpaka asubuhi hii hii. Rangi ya asali, mizizi imefifishwa, hakuna hata mstari. Nimeiweka kwenye ukurasa wa saluni, na watu wanaipenda mpaka simu imechoka kulia!"

Simu ikapita mkono kwa mkono. "Mashallah," walisema. "Mkono wako mtamu, dada."

"Lakini huyu si anavaa hijabu?" aliuliza Ghusun, mama mtu mzima aliyefungua saluni baada ya kustaafu ualimu. "Naona alama ya pini shingoni."

"Anavaa, ndiyo. Ni rafiki yangu, Lamis, yule wa benki. Kwani nini? Nimempiga picha kisogo tu. Si uso hauonekani?"

Simu ikamfikia Mama Ghassan. Aliona nywele nzuri zimemwagika mgongoni kwa mwanamke aliyeinama. Na ile sentensi ya uso kutoonekana aliijua. Aliwahi kuisema yeye mwenyewe, kwa sauti ya juu kama hiyo hiyo.

Akarudisha simu, akakohoa. Aibu ilimpanda kuanzia shingoni, akashukuru kwamba amejipaka poda nyingi.

"Palikuwa na mwanamke mmoja," alianza, "mwenye saluni, mji mwingine huko. Alimpiga picha mteja wake, mwalimu, jina lake Ibtisam. Kisogo tu, kama hivyo. Hakumwomba ruhusa. Mwalimu alikuwa ameinamisha kichwa anasoma ujumbe wake, hata hakusikia. Mwenye saluni akaiweka ukurasani. Jioni wifi wa yule mwalimu akamtambua kwa baka la kuzaliwa hapa, chini ya kisogo. Kufika asubuhi, picha iko kwenye simu za mtaa mzima."

"Mume akampiga!" alisema mmoja.

"Mume hakufanya lolote. Alisikitika naye. Kwani nywele ni za mume?" Mama Ghassan alijikuta amekasirika. "Zilikuwa zake yeye. Alizifunika tangu yuko darasa la sita, kwa hiari yake, na akachagua mwenyewe nani azione. Sasa anaingia darasani, na baba wa kila mwanafunzi ameziona. Alikwenda saluni akauliza, kwa nini? Mnajua alijibiwa nini?"

Akasukuma kikombe chake pembeni.

"Alijibiwa, si uso hauonekani? Halafu akaambiwa, kama hukutaka ungesema."

Rudayna akacheka kwa pua. "Mshamba huyo mwenye saluni! Mimi Lamis ni rafiki yangu, angenambia. Huyo wako, shangazi, alikuwa na roho mbaya tu. Watu wa namna hiyo hawafai hata kupewa mkasi."

Wengine wakaitikia kwamba kweli, hawafai. Mama Ghassan aliwatazama wakitikisa vichwa. Angeweza kutikisa chake pia na mambo yangeishia hapo, na Rudayna angerudi dukani kwake na picha yake ukurasani, akijiona mtu mwema.

"Ni mimi," alisema.

Kikombe cha mtu kikagonga kisahani.

"Hakuna mji mwingine. Ni hapa hapa Irbid, duka langu la kwanza, lile la karibu na chuo kikuu. Niliifuta picha, nikamwambia, basi nimeifuta. Akaniuliza, umeifuta kwenye simu ya nani? Wateja wenye hijabu wakawa wanaingia, wanatazama simu yangu iko wapi, wanatoka bila kuvua mtandio. Mpaka Ramadhani inaingia nilikuwa nafagia duka lisilo na unywele hata mmoja sakafuni. Ndiyo maana nikaweka kapu la simu mlangoni, yangu ikiwa ya kwanza kuingia. Watu wakarudi pole pole, wakanisifu kwa lile kapu. Sikumwambia mtu limetoka wapi. Na Ibtisam sikumwomba radhi. Nilimwona sokoni nikageukia bamia."

Alingoja mtu aseme kwamba yamepita, Mungu ni msamehevu. Badala yake, Ghusun mwalimu alikuwa akimtazama kwa macho makavu, na Mama Ghassan akaona kwamba ndivyo anavyostahili kutazamwa.

Rudayna alikuwa ameshashika simu yake. "Naifuta, basi, naifuta. Lakini yangu ni tofauti. Lamis hana shida kabisa, mtaona." Vidole vyake havikuwa na haraka tena.

"Mpigie," alisema Mama Ghassan. "Mwambie kabla hajaambiwa na mwingine."

Rudayna akapiga, akaweka sauti wazi ili wote wasikie jinsi Lamis asivyo na shida.

"Rudayna, roho yangu!" Sauti ilijaa kicheko. "Najigeuza kwenye kioo cha choo cha ofisini kama mwendawazimu. Nimevua mtandio kidogo tu nijione. Leo usiku mume wangu atazimia! Hajui chochote, nataka nimshtue, yeye awe wa kwanza kuziona."

Rudayna akasogeza simu mdomoni. "Lamis, nilitaka tu kukwambia. Ile picha nimeshaiondoa."

"Picha gani?"

Rudayna akamtazama Mama Ghassan, akiomba neno.

"Rudayna?" ilisema simu, bila kicheko. "Picha gani?"